Hotuba Iliyopasuka: Kuvirudisha Vilele vya Sauti Vilivyokatwa

Hotuba iliyorekodiwa kwa sauti ndogo mno huwa bado iko hai. Ukiiinua utasikia pia mvumo wa feni, viti vinavyoburutwa na mtoto anayelia nje ya ukumbi, lakini kila neno la msemaji utalikuta mahali pake. Iliyorekodiwa kwa nguvu kupita kiasi ina shida nyingine kabisa. Hata ukiipunguza mpaka isikike kwa mbali, mkwaruzo unabaki uleule, kwa sababu kilichoharibika ni umbo la sauti lenyewe. Watu wengi hukata tamaa hapo wakalifuta faili. Ningependa wasilifute, kwa kuwa sehemu kubwa ya hotuba ya namna hiyo inaweza kutengenezwa, mradi mtu ajue ni kitu gani hasa kilichopotea na wapi.

Kinasa sauti cha kidijitali hupima nguvu ya wimbi la sauti mara nyingi sana kwa sekunde, mara 44,100 au 48,000 kwa kawaida, na kila kipimo hukiandika kama namba. Kipimo kimoja huitwa sampuli. Katika faili la kawaida la biti 16, namba kubwa kabisa inayoweza kuandikwa ni 32,767, na upande wa chini ni -32,768. Sasa msemaji anapaza sauti, wimbi linapanda mpaka mahali ambapo namba ya haki ingekuwa 45,000. Kinasa hakina namba hiyo. Kitaandika 32,767, na sampuli inayofuata 32,767, na nyingine tena 32,767, mpaka wimbi litakapoteremka chini ya kikomo. Ni kama kibaba cha mchele kinachosawazishwa kwa kiganja: chote kilichozidi ukingo kimefagiliwa, na ukitazama kibaba baadaye huwezi kujua chungu ilikuwa ndefu kiasi gani.

Ukilikuza wimbi hilo kwenye kioo cha kompyuta utaona vilele vyake vimekuwa bapa. Mahali bapa panapoanza na mahali panapokwisha pana kona kali, na kona hizo ndizo sikio linazozilalamikia. Sauti ya mtu hubadilika kwa mikunjo laini. Ili kona kali iwepo, lazima ziongezeke sauti nyembamba za juu ambazo msemaji hakuzitoa kabisa. Ndiyo maana watu husema sauti inapasuka: wanasikia kitu kipya kilichopachikwa juu ya sauti ya mtu.

Tuna bahati moja hapa. Sauti zote za usemi hazigongi kikomo kwa usawa. Zinazotangulia kugonga ni irabu, na miongoni mwake irabu ya "a", ambayo hutamkwa kinywa kikiwa wazi kabisa. Kwa kuwa mkazo wa maneno yetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, mzee akisema "baraka" kwa hisia, ni ile "ra" ya katikati inayopasuka. Konsonanti kama "s", "sh" na "f" ni dhaifu mno kufika huko, kwa hiyo hubaki salama hata katika rekodi iliyoharibika vibaya. Na irabu ina tabia nyingine inayomsaidia mrekebishaji: wimbi lake hujirudia. Sauti ya mwanamume aliyeipaza inaweza kuzunguka mara 200 kwa sekunde, na kila mzunguko unafanana sana na uliotangulia. Mahali palipokatwa pamezungukwa na mashahidi.

Nitaeleza kazi yenyewe kwa kufuata rekodi moja. Ni nasaha za mzee mmoja wa Tanga kwa bwana na bibi harusi, za dakika kumi na nane hivi. Ziliwekwa kwenye kinasa kidogo cha mkononi kilichounganishwa kwa waya na miksa ya ukumbini. Mzee alifariki baadaye, na ile ndiyo sauti yake ndefu kuliko zote iliyobaki kwa familia. Mpwa wangu aliniletea kwa WhatsApp. "Mjomba, hii inatengenezeka?" aliniuliza. Nikamwambia kwanza akaniletee kadi ya kumbukumbu iliyokuwa ndani ya kinasa.

Hatua hiyo isirukwe. WhatsApp na programu za aina yake huibana sauti ili faili liwe dogo, na MP3 vilevile. Katika kubanwa huko, vilele vilivyokuwa bapa hupata mawimbi madogomadogo juu yake. Sikio halioni tofauti kubwa, lakini programu ya kurekebisha hutafuta sampuli zinazolingana kwenye mstari mmoja, na mstari huo umeshavurugwa. Faili la kwanza, lile la WAV lililotoka kwenye kinasa chenyewe, lina thamani kuliko nakala kumi zilizozunguka kwenye simu za ndugu.

Nililifungua kwa Audacity, programu ya bure inayotumiwa na vituo vidogo vya redio na wanafunzi wengi. Kwenye menyu ya View kuna chaguo liitwalo Show Clipping in Waveform. Ukiliwasha, kila mahali sampuli zilipofika kikomo hutokea mstari mwekundu. Dakika mbili za mwanzo wa nasaha zilikuwa nyekundu tele. Baada ya hapo, mistari ilitoweka kabisa mpaka mwisho. Anayetazama bila kusikiliza angesema tatizo lilikuwa la dakika mbili tu. Lakini masikioni mkwaruzo uliendelea vilevile.

Nilipolikuza wimbi la sehemu ya pili mpaka sampuli mojamoja zikaonekana kama vitone, jibu likawa wazi. Vilele vilikuwa bapa, ila vilikatwa kwenye 0.6 ya kipimo cha Audacity, ambacho kikomo chake ni 1.0. Maana yake ni hii: fundi wa ukumbi aliona taa nyekundu ya kinasa inawaka, akapunguza kiwango, taa ikazimika, akaridhika. Spika za ukumbini zilikuwa safi, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kushuku. Kumbe sauti ilikuwa inakatwa mapema zaidi, kwenye saketi ya kuikuza sauti ya maikrofoni mwanzoni mwa kinasa, na kile kitufe alichogusa kiko baada ya saketi hiyo. Miksa hutoa umeme wenye nguvu mara nyingi kuliko maikrofoni. Ukiuingiza kwenye tundu la maikrofoni, saketi ile huelemewa hapohapo mlangoni, na kupunguza mbele hakuwezi kurudisha kilichokatwa nyuma. Kilele bapa kilichoshushwa kinabaki kilele bapa.

Kwa hiyo mistari myekundu isikuamulie. Ichukue kama dokezo, kisha kuza wimbi utazame kwa macho yako. Kuna na kosa la upande wa pili. Vinasa vya kisasa vinavyorekodi kwa mfumo wa 32-bit float vinaweza kuhifadhi namba kubwa kuliko 1.0. Faili la namna hiyo linaweza kujaa nyekundu na huku halina kilichopotea. Lipunguze kwa desibeli kumi au zaidi kwa Amplify, na kama vilele vinatokea vikiwa vimeviringana vizuri, huna cha kurekebisha. Vikibaki bapa, ndipo kazi inapoanza.

Kabla ya kugusa chochote nilitengeneza nakala na faili la kwanza nikalihifadhi mahali pake. Kisha nikajizuia nisifanye yale ambayo mkono huyakimbilia: kuondoa mvumo wa feni, kukata sauti nzito, kung'arisha sauti. Kila kichujio hubadilisha umbo la wimbi. Ukikata masafa ya chini kabla ya kurekebisha vilele, sehemu bapa hulala upande kama paa la banda, na programu haitazitambua tena kuwa zimekatwa. Mkwaruzo utabaki, na sasa hutakuwa na njia ya kuupata. Kurekebisha vilele hutangulia kazi nyingine zote.

Kifaa cha Audacity cha kazi hii kinaitwa Clip Fix, nacho kipo kwenye menyu ya Effect, katika kundi la Noise Removal and Repair. Kinavyofanya ni rahisi kueleza. Kinatafuta sehemu bapa, kinatazama jinsi wimbi lilivyokuwa likipanda kabla ya kukatwa na jinsi linavyoteremka baada ya kukatwa, kisha kinachora mkunjo laini unaounganisha pande mbili hizo kwa kufuata miteremko yao. Wimbi lililokuwa linapanda kwa kasi lazima lilifika juu sana kabla ya kugeuka. Lililokuwa likipanda kwa uvivu lilikuwa karibu kugeuka.

Ubashiri huo unaweza kuwa mzuri kuliko mtu anavyotarajia. Chukua wimbi laini kabisa, la mlio mmoja kama wa filimbi, ambalo kilele chake cha kweli ni mara mbili ya kikomo. Theluthi mbili za kila tuta lake zitakuwa zimekatwa. Ukichora mkunjo kwa kufuata miteremko, utapata kilele cha 1.9 hivi badala ya 2, na hilo ni kosa dogo sana. Kama kilele kilizidi kikomo kwa sehemu moja ya kumi tu, robo nzima ya tuta huwa imekatwa, lakini mkunjo unairudisha karibu kama ilivyokuwa. Tatizo ni kwamba sauti ya mtu si filimbi. Juu ya tuta kubwa la irabu kuna vijituta vidogo, vinavyotokana na umbo la kinywa na koo, na ndivyo vinavyotufanya tumtambue fulani kwa sauti yake. Sehemu bapa ikiwa fupi, vijituta vilivyofichwa ni vichache. Ikiwa ndefu, mkunjo laini hupita juu ya mahali palipokuwa na vijituta viwili au vitatu, na sauti inayotoka huwa laini lakini butu, kama ya mtu asiye yeye.

Kwa sababu hiyo, upana wa sehemu bapa ndio kipimo changu cha kwanza cha matumaini. Katika sampuli 44,100 kwa sekunde, elfu moja ya sekunde ina sampuli 44. Tuta moja dogo ndani ya irabu ya "a" hukaa kama sampuli 30. Bapa la sampuli tano mpaka kumi na tano limekula ncha ya tuta, na Clip Fix hulishughulikia vizuri. Bapa la sampuli arobaini na kuendelea limemeza tuta zima pamoja na bonde lake. Katika nasaha za mzee, karibu maneno yote yalikuwa ya kundi la kwanza. Kundi la pili lilikuwa pale alipoitikia salamu kwa sauti kubwa mwanzoni, na mahali pachache alipocheka.

Clip Fix ina mahali pawili pa kujaza. Pa kwanza pameandikwa Threshold of Clipping (%), na huja pakiwa na 95. Namba hii huuliza hivi: sampuli iwe karibu kiasi gani na kilele kirefu kuliko vyote ndipo ihesabiwe kuwa imekatwa? Na kilele kirefu kinachozungumzwa ni cha kipande ulichokichagua. Hapo ndipo wengi hukwama. Ningalichagua hotuba yote kwa pamoja, programu ingechukua 1.0 ya dakika za mwanzo kuwa kipimo, na vilele vyote vilivyokatwa kwenye 0.6 ingevipita bila kuviona. Hata mtu akigongagonga maikrofoni mwanzoni, mshindo wake mmoja unaweza kuwa mrefu kuliko vilele vyote vya hotuba na ukaiharibu hesabu. Kwa hiyo nilifanya kazi kwa vipande: dakika mbili za mwanzo peke yake, kisha sehemu iliyobaki kwa vipande vya dakika chache. Vipande vifupi vina faida nyingine, kwamba Clip Fix hufanya kazi polepole, na kosa la kipande kimoja ni rahisi kulifuta na kulirudia.

Kwenye dakika za mwanzo niliiacha 95. Kwenye sehemu ya pili haikutosha. Kilele kilichokatwa na saketi ya umeme, tofauti na kilichokatwa kwenye namba, huwa hakikunyooka sawasawa, bali kina mwinamo mdogo. Kwa 95 programu ilishika ncha ya bapa na kuiacha nusu nyingine, na mkwaruzo ukapungua tu badala ya kwisha. Nikashuka mpaka 88, bapa lote likaingia. Kushuka kuna mpaka wake. Ukishuka mno, programu huanza kuvihesabu hata vilele vizima kuwa vimekatwa, na kuvivuta juu. Ukilitazama wimbi baadaye utaona miiba myembamba inayochomoza peke yake, na masikioni utasikia vijimlio vikavu ambavyo havikuwepo. Ukiona miiba, panda asilimia mbili tatu ujaribu tena.

Mahali pa pili pameandikwa Reduce amplitude to allow for restored peaks (dB), na huja pakiwa na -9. Hapa programu inaishusha sauti yote ili vilele vilivyorudishwa vipate nafasi ya kusimama. Mantiki yake iko wazi: kilele kilikatwa kwa sababu hakikuwa na nafasi, na ukikirudisha pasipo nafasi kitakatwa tena utakapolihifadhi faili. Niliiacha -9. Baada ya vipande vyote kukamilika niliiinua sehemu ya pili kwa desibeli 4.4, ambayo ndiyo tofauti kati ya 1.0 na 0.6, na mzee akasikika kwa nguvu ileile tangu mwanzo mpaka mwisho.

Matokeo ya hatua hiyo yalikuwa makubwa. Nasaha karibu zote zilisikika kama zilivyosemwa, mkwaruzo umetoka, na ile "a" ya mzee iliyokuwa ikikoroma imekuwa irabu tena. Salamu za mwanzo zilikataa. Mkunjo mmoja haukuweza kuzijaza bapa pana namna ile, na sauti ilitoka kana kwamba mzee ameweka mkono mdomoni.

Kwa mahali kama hapo kuna njia nyingine, ambayo badala ya kutazama pande mbili za bapa peke yake, hutazama usemi mrefu zaidi kuzunguka bapa na kujifunza tabia yake. Msingi wake uliandikwa mwaka 1986 na watafiti watatu wa maabara ya Philips huko Uholanzi, Janssen, Veldhuis na Vries. Walionyesha kwamba kila sampuli ya sauti inaweza kukadiriwa kutokana na sampuli kadhaa zilizoitangulia, kwa uzito fulani kwa kila moja. Ukizipata namba za uzito kutoka kwenye sampuli nzima, unaweza kuzitumia kuzijaza zilizokosekana, kisha ukazipima upya namba za uzito na kujaza tena kwa usahihi zaidi. Hapa ndipo kujirudia kwa irabu kunapolipa: yaliyofichwa katika tuta moja huonekana kwa sehemu katika tuta la jirani ambalo halikukatwa vibaya.

Njia ya jamii hiyo imo ndani ya FFmpeg, programu ya bure isiyo na madirisha wala vitufe, ambayo huamrishwa kwa kuandika. Nilizitoa salamu kwenye rekodi ya asili, nikazihifadhi peke yake katika faili la WAV, kisha nikaandika:

```
ffmpeg -i salamu.wav -af "adeclip,volume=-9dB" -c:a pcm_s24le salamu_mpya.wav
```

Neno adeclip ndilo linalorekebisha, na usipoliambia vingine hufanya kazi kwa dirisha la elfu 55 za sekunde. Kwa sauti inayozunguka mara 200 kwa sekunde, dirisha hilo lina mizunguko kumi na mmoja, ushahidi wa kutosha. Sehemu inayofuata inaishusha sauti kwa desibeli tisa kama tulivyofanya mwanzo, na pcm_s24le inahifadhi matokeo kwa biti 24. Salamu zilizotoka hazikuwa safi kabisa, lakini zilikuwa sauti ya mzee, na nilizirudisha mahali pake katika hotuba.

Vikabaki vilele vichache vikaidi katika kicheko. Kwa hivyo Audacity ina kifaa kiitwacho Repair, kinachotengeneza mahali pafupi pasipozidi sampuli 128. Unachagua kilele kimoja, unakirekebisha, unasikiliza, unakwenda kwenye kingine. Ni kazi ya kuumiza macho, na haifai kwa hotuba nzima, lakini kwa vilele vichache vilivyobaki inafaa. Na neno moja halikurekebishika kwa njia yoyote. Ndugu mmoja wa upande wa bibi harusi alikuwa amechukua video kwa simu kutoka viti vya nyuma. Sauti yake ilikuwa na mwangwi wa ukumbi, lakini haikukatwa, na neno lile nililichukua huko. Anayesikiliza kwa makini atasikia ukumbi unasogea kidogo kwa nusu sekunde. Nililipendelea hilo kuliko neno lililobuniwa. Kabla ya kuanza kazi yoyote ya namna hii, waulize watu wote waliokuwapo kama kuna aliyerekodi kwa simu.

Kujua kama umefaulu, usitegemee masikio peke yake, maana baada ya saa moja ya kusikiliza mkwaruzo uleule sikio huuzoea. Geuza mwonekano wa Audacity kuwa Spectrogram, unaoonyesha masafa yote kwa rangi, sauti nzito chini na nyembamba juu. Katika rekodi iliyokatwa utaona michirizi iliyosimama wima, ikipanda katikati ya irabu mpaka juu kabisa, mahali ambapo irabu haina shughuli. Ni zile kona kali tulizozitaja. Kazi ikienda vizuri michirizi hiyo hufifia, na zile "s" na "sh", ambazo makazi yake ya halali ni huko juu, hubaki zilivyokuwa. Nazo zikififia, basi umechuja sauti badala ya kuirekebisha. Kisha sikiliza tena kesho yake asubuhi, kwa spika nyingine.

Baada ya hapo tu ndipo nilipokata sauti nzito zilizo chini ya 80 Hz, ambako mishindo ya "p" na "b" iliyopulizwa karibu na maikrofoni hukaa, na nikapunguza mvumo wa feni kwa kiasi.

Yako mambo ambayo kazi hii haiyawezi. Kanda za kaseti zilizorekodiwa kwa nguvu mno hazina vilele bapa, kwa sababu utepe wa sumaku huelemewa polepole na kuviviringa vilele badala ya kuvikata, kwa hiyo Clip Fix haina cha kukishika. Lakini ikiwa kaseti yenyewe ni safi na mkwaruzo uliingia wakati wa kuihamishia kwenye kompyuta, usirekebishe chochote. Icheze kaseti upya kwa kiwango cha chini. Vilevile, rekodi ambayo bapa zake zimechukua nafasi kubwa kuliko mawimbi yenyewe haina ushahidi wa kutosha kwa programu yoyote. Na kila kilele kilichorudishwa, hata kikiwa kizuri namna gani, ni kadirio. Kwa familia inayotaka kumsikia babu yao hilo halina ubaya. Kwa rekodi itakayopelekwa mahakamani au kuwekwa kwenye nyaraka, faili la asili ndilo linalobeba ukweli, na lililorekebishwa ni msaada wa kusikilizia.

Anayerekodi hotuba kutoka kwenye miksa atumie tundu lililoandikwa LINE IN, au waya wenye kipunguza nguvu kama kinasa kina tundu la maikrofoni tu. Achague biti 24, na amwombe msemaji aseme kwa sauti yake kubwa kabla ya shughuli, vilele vyake vikomee karibu na -12 dB, yaani robo ya kikomo. Avae hedifoni zilizochomekwa kwenye kinasa chenyewe, kwa kuwa spika za ukumbini hazitamwambia lolote juu ya faili. Na wewe uliye na rekodi iliyopasuka ndani ya kabati, itafute kadi au faili la kwanza, tengeneza nakala mbili katika vifaa tofauti, na andika kwenye karatasi nani alisema, wapi na lini. Usiifute hata baada ya kupata iliyorekebishwa, kwa kuwa njia za kurekebisha zinaendelea kuboreshwa na zote zitahitaji kuanzia kwenye faili hilohilo.